Kwa Nini Brashi ya Kuponya Huchafua Kingo za Picha

Kanzu nyeupe mbele ya pazia jeusi huiumbua brashi ya kuponya kuliko picha nyingine yoyote. Picha za studio za zamani zimejaa mpangilio huo: mtu amesimama wima, nguo yake inang'aa, na nyuma yake kimetundikwa kitambaa cha giza ili uso utokeze. Karatasi ikikunjika ndani ya albamu, rangi hubanduka kwenye mkunjo na kuacha ufa mweupe. Sasa tuseme ufa huo umepita begani, ukaanzia kwenye pazia na kuishia kwenye kanzu. Anayeirekebisha picha hiyo kwenye kompyuta atafuta ufa ulio katikati ya pazia bila taabu, na ulio katikati ya kanzu atautoa vilevile. Akifika pale bega linapokutana na pazia, ufa utatoka, lakini utaacha wingu la kijivu ambalo halikuwepo: weupe wa kanzu umevuja kwenye pazia, na giza la pazia limeingia kwenye kanzu.

Wengi hudhani wamekosea ukubwa wa brashi, wakabadili ukubwa, wakarudia, wakapata wingu jingine. Tatizo lina chanzo kimoja, na mtu akikifahamu ataweza kukisia doa litatokea wapi kabla hata hajagusa picha.

Brashi hii, ambayo kwenye skrini huandikwa Healing Brush, iliingia katika Photoshop 7.0 mwaka 2002. Hesabu yake ilibuniwa na Todor Georgiev wa kampuni ya Adobe. Mwaka uliofuata Patrick Pérez, Michel Gangnet na Andrew Blake, watafiti wa Microsoft mjini Cambridge, walichapisha njia inayokaribiana nayo sana, na mwaka 2007 programu ya bure ya GIMP ikapata chombo chake cha aina hiyo katika toleo la 2.4. Kabla ya hapo kazi kubwa ilifanywa na Clone Stamp, muhuri unaonakili pikseli kutoka mahali pamoja na kuzibandika pengine kama zilivyo. Muhuri haubadili kitu. Ukinakili pazia lenye mwanga kidogo na kulibandika penye giza zaidi, kiraka kitaonekana.

Brashi ya kuponya ilikuja kuondoa kiraka hicho. Inachukua vitu viwili kutoka mahali pawili. Kwenye sehemu uliyoichagua kuwa chanzo, inachukua umbile: nyuzi za kitambaa, chembechembe za filamu, vinyweleo vya ngozi, yaani jinsi kila pikseli inavyopishana na jirani yake. Kwenye sehemu inayoponywa, inachukua kiwango cha mwanga, ila haiwezi kukisoma ndani ya jeraha kwa kuwa humo kumeharibika. Hukisoma kwenye pete ya pikseli zinazouzunguka mpako wako. Kwa kila pikseli ya pete hiyo hutoa hesabu: mwanga uliopo hapa, ukiondoa mwanga wa pikseli inayolingana nayo kule kwenye chanzo. Jibu ni tofauti. Kisha tofauti hizo husambazwa kutoka kwenye pete kuelekea ndani, polepole na bila mruko, na kuongezwa juu ya umbile lililonakiliwa.

Mfano wa ngozi ya ngoma unaeleza jambo hili vizuri, maana hesabu inayotumika inakaribiana na ile inayoeleza utando uliowambwa. Pete ni mdomo wa ngoma, na tofauti ni urefu wa mdomo huo kila upande. Mdomo ukiwa sawa pande zote, ngozi hulala tambarare. Mdomo wote ukiinuliwa kwa kiasi kimoja, ngozi itapanda juu ikiwa bado tambarare. Lakini ukiinua upande mmoja tu, ngozi nzima itainama, hadi katikati, kwa sababu ngozi haijui kukatika. Brashi ya kuponya haijui kukatika pia. Haitambui bega wala pazia. Ikikuta upande mmoja wa pete tofauti ni sifuri na upande wa pili ni kubwa, itatengeneza mteremko kati yake, na mteremko huo ndio wingu tunalolichukia.

Tuliweke jambo hili katika tarakimu. Katika picha ya kawaida ya rangi nyeusi na nyeupe, kila pikseli ina namba kuanzia 0, weusi kamili, hadi 255, weupe kamili. Tuseme pazia lina namba karibu na 45 na kanzu ina 205. Tunaponya pikseli tatu tu za pazia, zilizo kwenye mstari mmoja. Kushoto kwake kuna pikseli ya pazia yenye 45, na kulia brashi imegusa kanzu, yenye 205. Chanzo tumekichukua mahali pengine kwenye pazia safi: pikseli zake tatu za ndani zina 43, 47 na 44, na za pembeni, kushoto na kulia, zina 45 kila moja.

Tofauti ya kushoto ni 45 kuondoa 45, yaani 0. Tofauti ya kulia ni 205 kuondoa 45, yaani 160. Kutoka 0 hadi 160 kuna hatua nne, kwa hiyo pikseli zetu tatu zitaongezewa 40, 80 na 120. Badala ya kubaki 43, 47 na 44, zinakuwa 83, 127 na 164. Pazia limegeuka ukungu. Katika picha halisi mpako una upana na urefu, kwa hiyo sehemu ya pete iliyogusa kanzu hushindana na sehemu kubwa iliyo kwenye pazia, na ukungu hupungua kadiri unavyoachana na ukingo. Hata hivyo haupotei hadi ndani kabisa, na jicho huuona.

Ukiangalia namba hizo kwa makini utaona alama ya kulitambua doa la aina hii. Umbile la chanzo bado limo: ile ya kati bado imebeba ziada yake ndogo. Kwa hiyo doa la brashi ya kuponya huwa na nyuzi na chembechembe zilezile za pazia, ila mwanga wake ndio si wa pale. Ukikuza picha ukaona kitambaa kiko sawa kwa nyuzi lakini kina mwale wa kijivu unaokimbilia kwenye ukingo, usihangaike kutafuta chanzo chenye umbile bora. Angalia pete yako imegusa nini.

Kuna ishara nyingine ya wakati. Katika matoleo ya zamani ya Photoshop, unapopaka unaona kwanza nakala tupu ya chanzo, na hesabu hufanywa ukishaachia kitufe cha mausi. Kwa hiyo kila kitu huonekana safi wakati mkono unatembea, na wingu hutokea baada ya kuachia. Kuanzia toleo la CC 2015 matokeo huonekana papo hapo unapopaka, jambo linalosaidia kusimama mapema.

Mwaka 2006 Jiaya Jia, Jian Sun, Chi-Keung Tang na Heung-Yeung Shum walionyesha kwamba ubora wa kazi ya namna hii hautegemei sana ukubwa wa tofauti iliyo kwenye pete. Unategemea kama tofauti hiyo inalingana kuizunguka pete yote. Mimi nalishika hilo kuliko kanuni nyingine yoyote ya urekebishaji wa picha, kwa sababu njia zote za kuzuia wingu zinatoka hapo. Ama unahakikisha pete haivuki ukingo, ama unahakikisha chanzo nacho kina ukingo uleule mahali palepale. Ya kwanza ni kazi ya kukinga, ya pili ni kazi ya kuchagua sampuli.

Turudi kwenye bega letu na tulifanyie kazi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ikiskaniwa kwa dpi 600 hutoa takriban pikseli 2,400 kwa 3,500, na kwa ukubwa huo ukingo wa bega hauwi mstari mwembamba. Ukiukuza utaona pikseli kadhaa za mpito, za kijivu, kati ya weupe na weusi. Lenzi, karatasi na skana vyote vimeulainisha. Ukanda huo mwembamba unahitaji kushughulikiwa peke yake, kwa hiyo kazi tutaigawa sehemu tatu: pazia, kanzu, halafu ukanda wenyewe.

Kabla ya yote fungua leya mpya tupu juu ya picha na uipakie kazi yako humo, ukiacha picha ya asili kama ilivyo. Hapo kuna mtego mdogo. Kwenye upau wa juu pana neno Sample, na likibaki Current Layer brashi itatafuta sampuli ndani ya leya tupu na haitapata kitu. Weka Current & Below. Usiweke All Layers kama kuna leya za kurekebisha mwanga juu yake, maana marekebisho yale yataingia ndani ya sampuli kisha yatatumika tena mara ya pili juu yake.

Sasa uteuzi. Kwa bega, ambalo ukingo wake ni mlaini na mrefu, kalamu iitwayo Pen Tool hutoa mstari mzuri kuliko kuchora kwa mkono. Fuata ukingo, geuza njia hiyo kuwa uteuzi unaolishika pazia, kisha uusogeze ndani kwa pikseli mbili au tatu kwa Select, Modify, Contract, ili ukanda wa mpito ubaki nje. Usilainishe ukingo wa uteuzi; acha Feather iwe 0, ama si zaidi ya nusu pikseli. Uteuzi wenye kingo laini ni mlango ulioachwa wazi kidogo. Ukitaka kuona vizuri, ficha mistari yake inayotembea kwa Ctrl+H, lakini kumbuka bado ipo.

Ndani ya uteuzi huo brashi haisomi kitu kilicho nje. Miongozo ya Adobe yenyewe inashauri hivyo: penye tofauti kali ya mwanga, tengeneza uteuzi kwanza, mkubwa kuliko jeraha, unaofuata mpaka wa tofauti kwa usahihi. Ukipaka ufa hadi kwenye mstari, pete inabaki kwenye pazia tu. Katika mfano wetu wa tarakimu, ile 160 ya kulia inatoweka kwenye hesabu, na pikseli zinabaki 43, 47 na 44. Mpako wenyewe uwe mpana kidogo kuliko ufa, kwa brashi ngumu, kwa sababu pete ikitua juu ya ufa, yenye namba 250 au zaidi, weupe wa jeraha lenyewe utasambazwa ndani kana kwamba ni mwanga halali. Makosa ya namna hiyo hutokea sana pale mtu anapokatisha mpako katikati ya ufa ili apumzishe mkono. Mpako uanze na uishie penye afya, au kwenye mstari wa uteuzi.

Ukimaliza pazia, fanya vilevile upande wa pili. Rudisha njia ya kalamu, geuza uteuzi ushike kanzu, usogeze ndani, uponye.

Hapa nataka kutenganisha vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Kuna uteuzi uliowekwa kabla ya kupaka, na kuna maski ya leya inayowekwa baada ya kupaka. Mtu huponya akivuka bega bila kinga, kisha huongeza maski na kuficha yote yaliyoangukia kwenye kanzu, akitarajia pazia litakuwa safi. Haliwi. Maski inaficha kilichokwisha kuhesabiwa, na hesabu ilifanyika pete ikiwa imegusa kanzu, kwa hiyo weupe umeshaingia ndani ya pikseli za pazia. Maski ya baadaye inafaa kupunguza eneo la kazi iliyotoka vizuri. Kazi iliyochafuka haioshi.

Umebaki ukanda wa ukingo wenyewe, pikseli chache za kijivu ambazo bado zina kipande cha ufa. Kinga haiwezi kukusaidia hapa kwa sababu hakuna upande mmoja wa kusimamia. Ukanda ni pande zote mbili. Hapa sampuli ndiyo inayoamua. Shuka kwenye bega lilelile hadi sehemu nzima, yenye mwinamo uleule, shika Alt na ubofye juu ya ukingo kabisa. Rudi kwenye jeraha, uweke duara la brashi juu ya ukingo kabisa. Ndani ya duara utaona kivuli cha chanzo. Kisogeze mpaka mstari wa chanzo uungane na mstari wa bega juu na chini ya jeraha. Ndipo upake, mpako mfupi mmoja.

Tukirudia hesabu tutaona kwa nini inafanya kazi. Tuseme kule chini taa ya studio iliangaza zaidi kidogo, pazia likawa 55 na kanzu 215. Kwenye pete, upande wa pazia tofauti ni 45 kuondoa 55, yaani 10 chini ya sifuri. Upande wa kanzu ni 205 kuondoa 215, nayo ni 10 chini ya sifuri. Mdomo mzima umeshuka kwa kiasi kimoja, hakuna mteremko, na ukingo unakuja ulivyo, ukiwa umepunguzwa mwanga kidogo tu kulingana na mahali pake. Brashi ileile iliyochafua sasa inavuka ukingo bila kuacha alama, na inafanya kitu ambacho muhuri usingeweza, maana muhuri ungeacha kiraka chenye mwanga wa ziada.

Sharti lake ni usahihi. Chanzo kikipishana na ukingo hata kwa pikseli mbili, pale pete inapokatiza bega kutakuwa na vidoa viwili vidogo, juu na chini ya mpako, ambako kanzu ya chanzo imeangukia pazia la picha au kinyume chake. Ukiona vidoa hivyo, tengua na upange upya. Kuvifuta kimoja kimoja huzaa vingine. Kama mwinamo wa bega haulingani, paneli ya Clone Source hukuruhusu kuzungusha chanzo kwa nyuzi unazotaka. Hukuruhusu pia kukigeuza kushoto kwenda kulia, na hilo ni msaada mkubwa pale upande mmoja wa bega umeharibika wote ilhali wa pili ni mzima. Mwanga wa pande hizo mbili si lazima ufanane, mradi kanzu na pazia vinapishana kwa kiasi kinachokaribiana.

Ukikosa chanzo kinacholingana kwa mwanga na mwinamo, tumia muhuri kwa ukanda huo tu, ukiwa na ulaini wa brashi unaofanana na ulaini wa ukingo, kisha urudi na brashi ya kuponya pembeni. Wapo wanaoanza na muhuri kabisa: wanakata ufa karibu na ukingo kwa Clone Stamp, wanaacha nafasi ndogo yenye afya, halafu wanaponya sehemu iliyobaki ambayo sasa haigusi ukingo. Njia hii naipenda kwa vipande vifupi, na ina faida ya kufanya kazi katika programu yoyote, kwa sababu muhuri hauna pete ya kusoma.

Spot Healing Brush, ile ya kubofya tu bila Alt, hujitafutia chanzo chenyewe. Kwa chunusi katikati ya shavu inatosha. Ukingoni imekunyima uamuzi pekee uliokuwa unauhitaji, kwa hiyo mimi siitumii hapo. Kitelezi cha Diffusion nacho, chenye namba 1 hadi 7, huamua jinsi kiraka kinavyojilinganisha haraka na mazingira. Kwa picha zenye chembechembe namba ndogo zinafaa zaidi. Hakigeuzi pete mbaya kuwa nzuri.

Kabla ya kuiamini kazi, weka leya ya Curves juu kabisa na uipinde kwa nguvu ili mwanga wa kati uchanuke. Mawingu ambayo skrini ilikuwa inayameza yatajitokeza kama moshi kandokando ya bega. Kwa kuwa Sample iko kwenye Current & Below, leya hiyo haitaingia kwenye sampuli, kwa hiyo unaweza kuendelea kuponya ukiwa unatazama kupitia kwayo. Angalia ukiwa umekuza hadi 100%, kisha punguza picha hadi ienee kwenye skrini, maana doa pana lenye mwanga hafifu huonekana kwa mbali kuliko kwa karibu. Ukiridhika, izime.

Yote haya yanategemea ukingo unaoweza kuchorwa. Kwenye nywele, au kwenye ndevu zinapokutana na kola nyeupe, hakuna mstari wa kalamu kuufuata. Giza na weupe vimeingiliana unywele kwa unywele, na pete yoyote utakayoiweka itagusa vyote viwili. Ufa ukipita hapo, ponya kwa kinga hadi nywele zinapoanza kutawanyika na usimame. Sehemu iliyobaki inakiliwe kwa muhuri kutoka kwenye ndevu zilezile, hapo jirani, kwa mipako mifupi inayofuata mwelekeo wa nywele, na mahali ambapo unywele mmojammoja ulivuka kola, uchorwe upya kwa brashi ya kawaida yenye upana wa pikseli moja au mbili na rangi iliyochukuliwa pembeni yake.